Akipatikana, Atalipa

Masomo ya wiki: Mithali 6:30-31, Walawi 6:1-5, Mathayo 18:15

Wapendwa, wiki hii tukae kwenye jambo ambalo wazazi hulieleza kwa sauti ya chini na mlango umefungwa: kijana wao amekutwa akichukua pesa za nyumba. Akiwa mwizi wa nje, hasira ina pa kwenda. Huyu unamwandalia chakula jioni hiyo hiyo.

Mithali 6 inasema watu hawamdharau mwizi aliyeiba kwa njaa, na mstari unaofuata unasema akipatikana atalipa mara saba. Sisi hupenda kuchukua nusu. Mzazi mkali anashika malipo na kuongeza dharau juu yake. Mzazi mpole anaondoa dharau na malipo yanaondoka nayo. Andiko linaviweka viwili hivi pamoja bila kuona shida: mtu hadharauliwi, na deni halifutwi. Nitamfuata mama mmoja aliyejaribu kuvishika vyote viwili.

Pesa za matumizi za nyumba yake hukaa kwenye bahasha ndani ya droo. Alianza kuona zinapungua kuliko alivyotumia. Kabla ya kumtazama mtu yeyote vibaya, alifanya jambo ambalo wengi huliruka: alimuuliza mumewe kama alichukua, akazihesabu, akaandika kiasi kwenye karatasi aliyoiweka kwingine. Naomba tulitilie mkazo hili, kwa sababu katika nyumba nyingi wa kwanza kushukiwa ni msaidizi wa kazi, na pesa zikija kuonekana hakuna anayekwenda kumwomba radhi. Kumbukumbu la Torati 19:15 linakataa mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Dhana ya mzazi haifiki hata kwenye shahidi mmoja. Wala hakutega pesa kitandani aone nani atanasa. Kumtegea mtoto ni kumtia majaribuni kwa mkono wako mwenyewe. Alihesabu tu, mpaka Alhamisi moja alipoingia chumbani na kumkuta mwanawe wa miaka 16 mkono ukiwa ndani ya droo. Kwa hesabu ya karatasi yake, noti sita zilikuwa zimekwenda.

Hakusema mengi saa ile. Alimwambia, "Rudisha hiyo uliyoshika. Kesho jioni tutaongea, mimi na wewe." Usiku huo alimweleza baba, wakakubaliana nani ataongea na watadai nini, ili kijana asipate mlango wa kupita katikati yao. Kwenye mazungumzo alikwenda mmoja. Wazazi wawili, shangazi na mjomba wakikaa upande mmoja wa meza, pale pameshakuwa baraza la kesi. Mathayo 18:15 imesema mwonye wewe na yeye peke yenu, na lengo limetajwa hapo hapo: akikusikia, umempata ndugu yako.

Tukumbuke pia hatari iliyo karibu zaidi nasi waumini. Wengi wetu hatungemtangaza mtoto mtaani, lakini tutamtaja kwenye kikundi cha maombi. "Tumwombee kijana wetu, ameanza udokozi." Nia ni njema, na kufikia Jumapili vijana wenzake wote wanajua. Ukihitaji kuombewa, sema una mzigo wa kifamilia. Mungu anajua jina. Torati, hata ilipomruhusu mwamuzi kumchapa mkosaji, ilimwekea kikomo, na sababu iliyotolewa katika Kumbukumbu 25:3 ni kwamba ndugu yako asidharaulike machoni pako. Aliyekosa alibaki kuwa ndugu, na adhabu ilipimwa kwa kuangalia hilo.

Mama alianza hivi: "Mwanangu, najua umekuwa ukichukua pesa za matumizi. Sijakuita nikutukane. Niambie yote, halafu tutaona utazirudishaje." Angalieni kwamba hakuuliza, "Je, wewe ndiye unayechukua pesa?" Unapojua jibu, swali la namna hiyo humvuta mtoto aliyebanwa aongeze uongo juu ya wizi, na sasa una makosa mawili. Elisha alimuuliza Gehazi, "Watoka wapi?" na Gehazi akajibu kwamba hakwenda mahali (2 Wafalme 5:25). Elisha alikuwa nabii na alikuwa na yake. Sisi tuseme tunachokijua, tuulize tusichokijua.

Na kulikuwa na asichokijua. Kijana alisema kwanza, "Nilikopa tu." Mama akamjibu kwamba anayekopa humwambia mwenye pesa. Kimya kikawa kirefu, naye hakukijaza kwa mahubiri. Hatimaye kijana akasema zilikuwa noti kumi. Nne alizitoa kwenye fungu la sadaka la familia, ambalo hakuna aliyekuwa akilihesabu. Alikuwa anabeti mechi kwenye simu ya mwenzake, akapoteza, akakopa kwa huyo mwenzake ili azirudishe, akapoteza tena, na mwenzake akawa anamdai mbele ya darasa zima. Kwa hiyo aibu ilikuwa sehemu ya kilichomsukuma kwenye droo. Mzazi ambaye angemwaibisha zaidi angemrudisha kwenye shinikizo lile lile.

Hapa Torati ina jambo ambalo hatulisomi mara nyingi. Katika Kutoka 22, mwizi aliyekutwa na mnyama akiwa hai mkononi mwake alilipa mara mbili. Lakini katika Walawi 6 na Hesabu 5:6-7, mtu aliyeitambua hatia yake na kuiungama alirudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano tu. Tofauti ni kubwa, na naisoma kuwa ya makusudi: njia ya kuungama ilifanywa kuwa nyepesi ili mtu aone faida ya kuipita. Kijana huyu alikutwa kwa noti sita. Zile nne alizileta mwenyewe. Wazazi waliamua kulichukua lote kwa kipimo cha aliyeungama, na wakamwambia sababu, kwamba ukweli wake kuhusu zile nne ndio uliompunguzia. Noti kumi, na sehemu ya tano ni mbili, jumla kumi na mbili. Noti mbili kila wiki kwa wiki sita. Waliandika kwenye karatasi pamoja na tarehe ya mwisho.

Ile tarehe ya mwisho ina kazi yake. Deni lisilo na mwisho humfanya kijana aache kulipa, kwa kuwa haoni kitakachobadilika. Wakolosai 3:21 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wasije wakakata tamaa, na sijui kinachokatisha tamaa kuliko kulipa kosa ambalo haliishi.

Atazitoa wapi? Waefeso 4:28 inamtaka mwizi asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, hadi awe na kitu cha kumpa mhitaji. Wazazi walichagua kazi ambazo nyumba ingemlipa mtu wa nje: kupaka rangi ukuta wa uani, kusafisha tangi la maji, kufyeka nyasi nyuma ya nyumba. Walikadiria kama wangemkadiria fundi. Kuosha vyombo na kufua nguo zake havikuhesabiwa, kwa sababu hizo ni zamu zake za kawaida kama mwana wa nyumba. Mtu atasema pesa zinatoka mfuko ule ule. Hapana. Pesa ambayo ingemwendea fundi sasa inarudi kwenye bahasha, na kijana ameilipa kwa jasho. Zile nne na nyongeza yake zilirudi kwenye sadaka, naye ndiye aliyeziweka kwa mkono wake.

Mdogo wake aliuliza kwa nini kaka anapaka rangi Jumamosi nzima. Mama akasema, "Tuna mapatano yetu," akampa kazi nyingine. Hajadanganya, na hajamwuza mwanawe.

Sasa kuna wasomaji wanaosema: mbona haya yote, si nibadilishe tu mahali pa kuficha pesa? Wengi hufanya hivyo, na nyumba inatulia. Mkumbuke Eli. Tunamsema kana kwamba alinyamaza, lakini 1 Samweli 2:23-25 inaonyesha aliwaonya wanawe, tena kwa maneno mazito. Shtaka la Mungu katika sura ya 3:13 ni kwamba hakuwazuia. Mtoto anayekemewa vikali jioni moja na asidaiwe chochote ameachwa mahali pale pale walipokuwa wana wa Eli. Na mama anayelipa kimya kimya ili baba asijue amemfundisha kijana kwamba gharama ya kosa lake huwa inabebwa na mwingine. Huo si upole, ingawa unafanana nao.

Upande wa mwenzake aliyekuwa akidai haukuachwa. Baba alikwenda naye kwa wazazi wa yule kijana, akasikiliza, na deni lililobaki likaingia kwenye hesabu ya kazi pia, likisogeza tarehe mbele wiki mbili. Kubeti kulisimamishwa kwa mapatano yaliyo wazi kuhusu simu. Ingekuwa mwanao anatishwa au kunyang'anywa, mambo yangegeuka: huyo anahitaji ulinzi kwanza, na hesabu inangoja. Vivyo hivyo ukiona vitu vya nyumbani vinapotea na kuuzwa, usingizi umevurugika, kiasi kinapanda kila wiki, au analia baada ya kukaa na simu usiku. Hapo uraibu unaweza kuwa umeshaingia. Ratiba ya malipo haiponyi uraibu, na kutafuta mshauri au daktari si upungufu wa imani.

Malipo yalipokwisha, karatasi ilichanwa na jambo likafungwa. Kufungwa maana yake halitajwi kwenye ugomvi mwingine, wala halifanyiwi utani wa "ficheni pochi" akipita sebuleni. Imani, kwa upande wake, ilirudi polepole kuliko msamaha, na wazazi walimwambia hivyo bila kuzunguka. Kwanza alitumwa na kiasi kidogo na kurudisha chenji na risiti, kanuni ambayo wakati huo iliwekwa kwa kila mtu nyumbani, baba akiwemo. Baadaye akakabidhiwa kuhesabu bahasha ya matumizi kila mwisho wa wiki pamoja na mama. Shangazi mmoja aliona huko ni kumrudishia fisi bucha. Mama hakubishana naye. Fedha zinahesabiwa na watu wawili, akasema, na mmoja wao sasa anajua zinavyopungua.

Akichukua tena? Rudini kwenye mazungumzo ya wawili, bila kumkumbusha kila neno la mara ya kwanza, na safari hii mtu wa tatu aitwe: mzee wa kanisa anayetunza siri au mshauri ambaye kijana mwenyewe anamheshimu. Mathayo 18:16 inaongeza mmoja au wawili. Mwacheni yeye achague nani.