Bima ile ile, entri mbili tofauti

Wiki hii nimeshinda na maswali ya marekebisho ya mwisho wa mwaka, mtihani wa utunzaji wa vitabu uko karibu, na kuna swali moja limenikalia kichwani kuliko yote kwa sababu ukiliangalia haraka unaona jepesi kabisa, halafu tukilijibu kwenye kundi letu kila mtu anatoka na jibu lake na kila mtu ana uhakika.

Swali lenyewe liko hivi. Juu kuna urari, ile orodha ya masalio ya akaunti zote, debiti huku na krediti kule, na chini yake kuna maelezo. Biashara imelipa bima 12,000 tarehe 1 Oktoba, ya miezi 12, na mwaka wa hesabu unaisha 31 Desemba. Toa entri ya marekebisho. Majibu manne ya kuchagua, namba ni 3,000 au 9,000, na kila namba imewekwa mara mbili, mara bima inadebitiwa mara inakreditiwa. Yaani mtunga swali amekaa akafikiria wapi utaanguka, akaweka jibu hapo hapo linakusubiri.

Hesabu ya miezi haina shida. Oktoba, Novemba, Desemba, miezi 3 imeshatumika, kila mwezi 1,000, kwa hiyo 3,000 ni gharama ya mwaka huu na 9,000 ni ya mwaka unaokuja, bado ni mali ya biashara maana huduma haijapatikana. Mpaka hapo kundi zima tulikubaliana. Ugomvi ukaanza kwenye kudebiti na kukrediti, dada mmoja akasema ni debiti gharama ya bima, krediti bima iliyolipwa kabla, 3,000. Mwenzake akasema we dada hapana, ni debiti bima iliyolipwa kabla, krediti gharama ya bima, 9,000. Wakabishana karibu saa nzima, na cha ajabu wote wawili walikuwa wanaongea kitu sahihi, ila kila mmoja alikuwa anajibu swali la urari tofauti.

Maana jibu haliko kwenye yale maelezo ya chini peke yake, liko kwenye urari pale juu, kwenye jina la akaunti ambayo 12,000 imekaa. Ukiona urari umeandika "gharama ya bima 12,000", maana yake siku ya kulipa yule mwandishi wa vitabu alitupia hela yote kwenye gharama. Gharama imezidi, inatakiwa ibaki 3,000, kwa hiyo unaipunguza 9,000 kwa kuikrediti na unadebiti bima iliyolipwa kabla. Lakini ukiona urari umeandika "bima iliyolipwa kabla 12,000", hela yote imekaa kwenye mali, gharama bado haina kitu, unadebiti gharama 3,000 na kukrediti mali 3,000 ibaki 9,000. Njia zote mbili zinaishia pale pale, gharama 3,000 na mali 9,000, ila entri ya kufika huko imegeuka pande zote na namba yake nyingine.

Kwa hiyo siku hizi mi sianzi na debiti wala krediti. Naandika pembeni vitu viwili, salio lililopo kwenye urari na salio linalotakiwa kuwepo, tofauti yake ndo entri. Salio la debiti linatakiwa lipungue? Krediti. Linatakiwa liongezeke? Debiti. Upande wa pili unajileta wenyewe. Ukienda hivi huhitaji kukariri kwamba malipo ya kabla siku zote hudebitiwa, na kusema ukweli hiyo kanuni ya kukariri ndo inawaangusha watu wengi, kwa sababu inafanya kazi pale tu ambapo malipo yaliingizwa kwenye gharama tangu mwanzo.

Kabla hata ya hiyo hesabu kuna majibu unaweza kuyafuta kwa jicho tu. Jibu lenye keshi ndani yake kwenye swali la aina hii futa, hela ililipwa Oktoba na iliandikwa Oktoba, Desemba hakuna aliyegusa benki. Pia entri ya marekebisho ya kawaida inagusa akaunti moja ya faida na hasara na nyingine ya mizania, sasa ukiona jibu linadebiti mali na kukrediti mali nyingine, au gharama kwa gharama, litilie shaka.

Sasa kuna kitu kinachonikera, mtu anageuza entri halafu anasema lakini urari wangu umekubali. Ndiyo utakubali! Debiti 9,000 na krediti 9,000 ziko sawa hata kama umezipeleka kinyume. Tuchukue ule urari wenye gharama 12,000, mtu akadebiti gharama 9,000 badala ya kuikrediti. Gharama inakuwa 21,000 wakati ilitakiwa 3,000, faida imepungua kwa 18,000, mara mbili ya kiasi cha entri, na pande mbili bado zinalingana vizuri tu. Kinachomsaliti ni bima iliyolipwa kabla, imebaki na salio la krediti 9,000, na mali ya namna hiyo kuwa na salio la krediti ni kitu cha kukushtua kalamu ikiwa bado mkononi. Kwa hiyo ukimaliza usiangalie jumla tu, pitia mstari mmoja mmoja uone kila akaunti imekaa upande wake wa kawaida.

Kama jumla zenyewe ndo zimekataa hilo ni jambo lingine, hapo mara nyingi entri iko sawa ila salio limehamishiwa safu isiyo yake. Gawa tofauti kwa mbili utafute namba hiyo kwenye orodha, tofauti ikiwa 18,000 tafuta 9,000 iliyokaa upande wa krediti wakati ni ya debiti. Wengine wanagawa kwa 9 kutafuta tarakimu zilizopinduliwa, kama 31,000 kuandikwa 13,000, na hapo tofauti pia ni 18,000, kwa hiyo tofauti ile ile inaweza kukupeleka njia zote mbili, itabidi uangalie zote.

Halafu kuna lile swali la kuuliza jumla ya urari baada ya marekebisho. Tuseme jumla ilikuwa 250,000 kila upande, na bima ilikuwa kwenye gharama. Marekebisho ya bima hayaibadilishi jumla hata kidogo, 9,000 imetoka kwenye akaunti ya debiti ikaenda kwenye akaunti nyingine ya debiti, inabaki 250,000. Ila mishahara ya 4,000 ambayo haijalipwa inaongeza gharama upande wa debiti na deni jipya upande wa krediti, jumla inapanda 254,000, na uchakavu wa 6,000 hivyo hivyo, gharama huku na limbikizo la uchakavu kule, unafika 260,000. Kwenye lile swali watu wengi wanajumlisha na 9,000 ya bima wanapata 269,000, na bila shaka 269,000 ipo kwenye majibu.