Mungu alimuuliza Eliya swali lile lile mara mbili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imetoka jikoni kwangu, na mama watoto amenipa ruhusa niisimulie, tena kaniambia isimulie yote.

Ilikuwa jumanne. Kaingia saa moja na nusu usiku hajavua hata viatu, akavuta kigoda akachukua ungo akaanza kuchambua mchele huku anaongea. Ripoti ya mwezi aliyoihangaikia wiki mbili bosi kairudisha, tena kairudisha mbele ya wenzake, anataka irudiwe mpaka ijumaa. "Kila kitu mimi, ofisi nzima hii ni mimi peke yangu." Mimi nilikuwa nimekaa pale mlangoni na simu mkononi, nikamjibu fasta nikiamini kabisa namsaidia, kwani ile ripoti si mlipewa wawili, mwambie mwenzako mgawane, au kama vipi andika barua uombe kuhamishwa kitengo. Akanyamaza. Akawa anaokota mawe kwenye ule mchele moja moja anayaweka pembeni ya ungo, na mimi nikamuuliza sasa mbona umenyamaza, akasema "basi yaishe." Tukala hatuongei.

Kilichoniumiza usiku ule ni kwamba nilichosema kilikuwa kweli. Walikuwa wawili kweli. Na barua ya uhamisho inawezekana kweli. Sasa kosa liko wapi?

Asubuhi kwenye usomaji wangu nikakutana na 1 Wafalme 19, sura ambayo nimeihubiri si chini ya mara tatu, lakini safari hii niliisoma kama mume. Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali kule Karmeli, Yezebeli kamtumia ujumbe kwamba atamuua, amekimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Yatosha, anasema, ondoa roho yangu. Halafu akalala.

Angalieni kinachofuata. Malaika anamgusa, anamwambia inuka ule, kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa tena, inuka ule maana safari ni kubwa mno kwako. Mpaka hapo hakuna ushauri hata mmoja. Hakuna aliyemwambia jipe moyo, hakuna aliyemkumbusha moto ulioshuka Karmeli siku chache tu nyuma. Kilichopo ni chakula, maji, usingizi, na mtu anayemgusa. Na ile kauli ya malaika kwamba safari ni kubwa mno kwako, mimi naiona ndo usikivu wenyewe, maana kamwambia mtu aliyechoka kwamba kweli mzigo wako ni mkubwa, hajamwambia unakuza mambo.

Baada ya mwendo wa siku 40 anafika Horebu, anaingia pangoni, ndipo Mungu anamuuliza, unafanya nini hapa, Eliya? Mungu anajua jibu. Anauliza ili Eliya aseme. Na Eliya anamwaga yote, nimeona wivu mwingi kwa ajili ya Bwana, wana wa Israeli wameacha agano lako, wamevunja madhabahu zako, wamewaua manabii wako kwa upanga, nimebaki mimi peke yangu, na mimi wananitafuta waniue.

Hapo kwenye "mimi peke yangu" ndipo nilipofunga Biblia kwanza nikatulia. Kwa sababu ukirudi sura ya 18, Obadia alishamwambia Eliya kwa mdomo wake kwamba aliwaficha manabii wa Bwana 100, hamsini hamsini, pangoni, akawalisha mkate na maji. Yani Eliya alijua hayuko peke yake. Kihesabu alikosea, kama mke wangu alivyokosea kihesabu kuhusu ile ripoti. Na Mungu hakumkosoa. Mimi nilikimbilia hesabu sekunde ya kwanza, Mungu aliiacha hesabu ikae. Mtu akisema "kila siku", "hakuna anayenijali", "niko peke yangu", hatoi takwimu jamani, anakuonyesha ukubwa wa maumivu, na ukimjibu kwa takwimu anasikia unamwambia haumii.

Kisha upepo mkali, tetemeko, moto, na sauti ndogo ya utulivu, halafu Mungu anauliza swali lile lile, unafanya nini hapa, Eliya? Na Eliya anajibu yale yale, karibu neno kwa neno, linganisheni mstari wa 10 na wa 14. Mungu hakusema hilo nimeshalisikia. Wengi wetu mwenzio akirudia jambo mara ya pili tunamwambia si ushaniambia, wakati mara nyingi mtu anarudia kwa sababu mara ya kwanza halijapokelewa, linarudi kwake anakuletea tena. Kwa hiyo ukisikia marudio, hiyo ni dalili ya kukutaka umrudishie ulichosikia ili ajue kimefika.

Nikajaribu jumatano. Nikaacha simu chumbani, nikakaa naye tukachambua mboga pamoja (mikono ikiwa na kazi maongezi yanakuwa mepesi, hasa kwetu wanaume, kutazamana macho kwa macho muda wote kunakuwa kama kuhojiwa). Akaanza tena ya ofisini. Nikajizuia kuuliza "kwani wewe ulimwambiaje", maana swali hilo ni la polisi. Alipofika mwisho nikamwambia kwa maneno yangu, nikikusikia hivi, kinachokuuma ni kwamba kazi ya wiki mbili inaanza upya na siku zimebaki mbili. Akafikiri. Akasema hapana, kazi nitafanya, mbona nimezoea, kilichoniuma ni kwamba alinisema mbele ya watu na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema huyu alikesha.

Mnaona? Jumanne nilikuwa natibu ugonjwa ambao hana. Uhamisho haumpi mtu heshima aliyovunjiwa mbele ya wenzake. Na faida ya kumrudishia mtu maneno yake ndo hiyo, hata ukikosea anakusahihisha, na katika kukusahihisha mwenyewe anapata kujua hasa kinachomuuma ni nini. Nikamwambia tu, kukesha ulikesha, mimi nilikuona saa nane za usiku. Akalia kidogo. Sikusema kitu.

Niseme na jambo letu sisi waumini, kwa upendo. Tuna maneno mawili mazuri tunayoyageuza kifuniko cha sufuria. La kwanza ni pole. Pole ikisemwa taratibu ukatulia baada yake, inafungua. Lakini "pole sana, ndo maisha, Mungu atatenda" inayotoka kwa pumzi moja inamaanisha tumemaliza. La pili ni tuombe. Nimewahi kumwambia mke wangu tuombe katikati ya sentensi yake, na leo najua nilikuwa nakimbia. Eliya alizungumza mpaka mwisho, mara mbili, na aliyekuwa anamsikiliza ni Mungu mwenyewe. Acheni mtu amalize, kisha muombeeni lile alilolisema kwa jina lake.

Sasa msidhani nasema wakati wote ni kunyamaza. Mungu alitatua. Baada ya kusikiliza mara ya pili ndipo anasema enenda, urudi kwa njia yako mpaka jangwa la Dameski, mpake mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Kazi tatu, watu watatu wenye majina, na njia ya kupita. Na ile hesabu iliyosubiri sura nzima inakuja mwisho kabisa, nimejisazia watu 7,000 katika Israeli. Na huyo Elisha anakuwa mtumishi wake, yule aliyesema niko peke yangu anapewa mtu wa kutembea naye, yani suluhisho liligusa palepale alipolalamikia.

Utajuaje muda umefika? Mimi naangalia kama pumzi imeshuka na maneno yameacha kujirudia. Naangalia kama mwenyewe kauliza "sasa nifanyeje?" Na nikiwa sina uhakika nauliza wazi, kama Yesu alivyomuuliza kipofu Bartimayo kwenye Marko 10, wataka nikufanyie nini, wakati upofu wake kila mtu anauona. Kwa lugha ya nyumbani ni "unataka nikusikilize tu, au tutafute cha kufanya?" Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, aliyechunguza wanandoa miaka mingi, naye anashauri wawili wawe na maongezi ya kila siku ya kutua mizigo ya huko nje, kila mmoja kama dakika 15, na anayesikiliza asitoe ushauri kabla ya kuelewa wala asimtetee yule anayelalamikiwa.

Ila kuna mahali usikivu peke yake hautoshi. Ukiona kinacholalamikiwa ni wewe, hela uliyoificha au ulevi wako, hapo usimrudishie maneno yake kwa sauti laini, omba msamaha ubadilike. Kama ni jambo lile lile miezi mitatu na kila jioni anatoka kwenye maongezi amechoka zaidi, semeni kwa upole kwamba sasa tulitafutie njia. Kama kuna mtu anampiga au anamtaka kwa nguvu huko kazini, chukua hatua. Na mwenzio akitamka kama Eliya kwamba bora afe, usimwache peke yake, kaa naye, mpe chakula, na siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari. Eliya hakuachwa peke yake chini ya mti ule.

Alhamisi usiku mke wangu mwenyewe ndo alisema "hebu nisaidie kuandika." Tukakaa mezani, akaandika meseji kwa bosi wake kuomba wakirekebishana wawe wanarekebishana ofisini kwake mlango umefungwa, mimi nikafuta neno moja tu ambalo lilikuwa kali, akalirudisha, nikaliacha. Akatuma saa tatu kasoro. Kisha akaniuliza na wewe leo kazini ilikuwaje, akaweka simu yake kifudifudi mezani.