Nilivyowazuia watarajali kutaja ugonjwa kabla ya kueleza picha

Wakija madaktari tarajali wapya hapa Unguja, mimi ndiye ninayewapa maneno ya siku ya kwanza: namna ya kusimama kwenye kikao cha asubuhi na kuieleza picha ya eksirei. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawagawia karatasi ndefu ya vipengele. Wakiipokea kwa adabu, na kesho yake mtu anasimama, picha haijatulia ukutani, keshasema "nimonia hiyo." Nikaiacha karatasi, nikaanza kuwasimulia aibu yangu.

Nawaambia hivi: "Wanangu, nilikuwa tarajali kama nyinyi. Usiku alilazwa mtoto wa miaka mitano, ana homa, anakohoa, anahema kwa shida. Asubuhi picha yake ikawekwa. Kifua cha kulia cheusi, cha kushoto cheupe chote, juu mpaka chini. Nikasema maji yamejaa, achomwe yatoke. Vifaa vikaanza kuandaliwa. Mpiga picha mmoja mtu mzima, kakaa nyuma karibu na mlango, akaniuliza kwa upole: daktari, bomba la hewa limekwenda upande gani?"

Hapo hunyamaza, nikawaachia waifikirie. Maji hayaonekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni weupe. Maji, usaha, damu, pafu lenye nimonia na pafu lililonywea vyote huweza kutoa weupe ule ule. Kinachovitenganisha ni vilivyo jirani. Maji yakiwa mengi kiasi cha kufunika upande mzima yanataka nafasi, kwa hiyo husukuma bomba la hewa na moyo kwenda upande wa pili. Pafu likinywea linaacha nafasi, na vitu hivyo hivyo huvutwa kwenye weupe.

Bomba la hewa la mtoto yule lilikuwa limevutwa kushoto. Mbavu za kushoto zilibanana kuliko za kulia, na hewa ya tumboni, ile nyeusi ya mviringo chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ilikuwa imepanda juu kuliko kawaida yake. Yote yalikuwamo pichani tangu mwanzo. Nilishasema "maji", macho yakaacha kutafuta.

Tukampima kwa altrasaundi, maji hakuna. Bibi yake alipoulizwa vizuri akasema: "Alipaliwa na ubuyu, wiki ya pili hii. Tukampiga mgongoni akatulia, tukajua yamekwisha." Kokwa ya ubuyu haitoi kivuli cha kuonekana kwenye eksirei kama sarafu inavyotoa. Ilikuwa imeziba tawi la kushoto la bomba la hewa. Akavushwa Dar, akalazwa usingizi wa dawa, ikatolewa kwa kifaa kinachopitishwa kinywani. Ningemchoma sindano, nisingepata maji, na huenda ningelitoboa pafu.

Baada ya kisa hicho ndiyo naweka sharti: dakika ya kwanza jina la ugonjwa halitajwi. Unasema picha ya nani, ya lini, alama ya kushoto na kulia iko wapi, kisha unachokiona: cheupe au cheusi, wapi, kikubwa kiasi gani, kimesukuma au kimevuta. Na kabla hujasema bomba limevutwa, tazama mitulinga. Ncha zake za ndani zikiwa hazilingani umbali na uti wa mgongo, mtoto alikuwa amegeuka, na bomba litaonekana limehama hata kama liko pahala pake. Watoto wanaolia hugeuka sana, msiwalaumu wapiga picha. Tena likibaki katikati na upande wote ni mweupe, msikate shauri: huenda kuna maji na pafu limenywea pamoja, moja linasukuma, jingine linavuta. Hapo altrasaundi ndiyo itakayosema.

Sharti peke yake halikutosha. Walikuwa wanasema "naona nimonia" wakidhani wameeleza. Kilichofaa ni mchezo wa karatasi, ambao niliubuni kwa kuudhika tu. Mmoja anasimama mbele ya picha, mwenzake anaipa mgongo, ana kalamu, anachora anachosikia. Msemaji haruhusiwi kugeuka kutazama mchoro.

Mara ya kwanza, binti mmoja hodari wa kusoma alisema, "Nimonia ya pafu la kulia, chini." Mwenzake akauliza, "Nichore nini?" Watu wakacheka, naye akacheka. Akaanza upya: weupe usio na mpaka mkali, kulia, theluthi ya chini, ukingo wa moyo bado unaonekana, kiwambo hakionekani, bomba la hewa liko katikati. Kalamu ikaanza kwenda. Mchoro ulipowekwa kando ya picha, weupe ulikuwa pahala pake, ila mbavu alichora ishirini na kitu upande mmoja.