Pembetatu Nyekundu ya Kyoto

Mwaka 2015 nilikodi baiskeli mjini Kyoto, Japani, nikawa nazunguka katika vichochoro vya makazi ambavyo kuta zake zimefika ukingoni kabisa mwa njia. Katika njia panda moja isiyo na taa za kuongozea magari, niliona upande wangu alama ya pembetatu ambayo ncha yake imeelekea chini, na ndani yake maandishi ya Kijapani ambayo sikuweza kuyasoma. Sikuona haja ya kuyasoma. Umbo hilo nilikuwa nimelijua tangu nilipojifunza udereva, kwamba maana yake ni kumpisha mwenzako: punguza mwendo, tazama, na kama njia ni nyeupe, pita bila kusimama. Kwa hiyo nilipunguza mwendo, nikatupa jicho kulia na kushoto, nikaendelea.

Gari dogo la mizigo lilitokea kulia na kufunga breki kwa kishindo, likasimama karibu sana na gurudumu langu la mbele. Nilikuwa nimetazama kweli, lakini ukuta ulikuwa umenificha gari lile, nami nililiona nilipokuwa tayari katikati ya njia yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yake alinijia. Hakunigombeza. Alinyoosha kidole kwenye alama, kisha kwenye mstari mnene mweupe uliokatiza njia, kisha kwenye herufi kubwa zilizochorwa lami, akatamka polepole: "Tomare." Akasimama wima kama mlingoti ili nielewe. Neno hilo ni amri ya kusimama.

Ndipo nilipoitazama alama ile kwa makini. Pembetatu ya kupisha niliyoizoea huwa na ukingo mwekundu na katikati yake ni peupe, ilhali hii ilikuwa nyekundu tupu yenye herufi nyeupe. Katika nchi nyingi amri ya kusimama huandikwa kwenye pembenane, umbo ambalo dereva hulitambua hata likifunikwa na theluji au likionekana kwa nyuma, lakini Japani hutumia pembetatu, na amri hiyo inamhusu mwendesha baiskeli kama inavyomhusu mwenye gari.

Siku zilizobaki nilikanyaga chini kabla ya kila mstari wa namna ile. Niligundua kwamba kusimama mara moja hakutoshi, kwa kuwa kutoka mstarini mara nyingi ukuta bado unakuzuia kuona, na hivyo baada ya kusimama nilisogea polepole mpaka macho yangu yapite kona, nikatazama tena, ndipo nikavuka.

Tangu mwaka 2017 Wajapani wameanza kuongeza chini ya herufi zao neno la Kiingereza la kusimama. Nalifurahia badiliko hilo kwa ajili ya wageni, ingawa nina shaka kama lingeniokoa siku ile, kwa sababu kilichonipotosha ni umbo, nalo halikubadilishwa.