Kumbukumbu ya mradi: Azimio la Haki za Binadamu kwa lugha mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia

Februari, mwanzoni

Darasa letu la jioni la watu wazima linajifunza Kiingereza kwa kulinganisha maandishi. Mwaka huu tumechagua Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lile lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Lina utangulizi na vifungu 30, vingi vifupi, na tafsiri yake ya Kiswahili inapatikana bure. Mwanafunzi anasoma upande anaoujua, anahamisha jicho kulia, anaona jambo lilelile kwa lugha anayoitafuta.

Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Faili la Word nililorithi lilitengenezwa kwa `Layout > Columns > Two`: Kiswahili safu ya kushoto, kila ukurasa ukakatwa kwa `Column Break`, kisha Kiingereza kulia. Ili aya zikae sambamba, aliyetengeneza alijazia Enter tupu hapa na pale. Kwenye kompyuta yake bila shaka lilipendeza. Sisi tukaongeza ukubwa wa herufi kutoka 11 hadi 13 kwa sababu ya macho ya wazee, tukapeleka steshenari kuchapisha, na kuanzia ukurasa wa pili pande mbili zikaachana. Mzee mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hii ya kushoto inasema habari za mateso, ya kulia inasema habari za utumwa. Nisome ipi?" Nikamwambia, mzee wangu, leo soma ya kushoto tu.

Sababu si fumbo. Safu za namna hiyo ni za magazeti. Maandishi yanateremka kushoto mpaka chini, yakijaa yanapanda juu kulia, na programu haijui kabisa kwamba aya hii ina mwenzake upande wa pili. Usambamba wote unashikiliwa na zile Enter tupu, na kila Enter ilipimwa kwa fonti fulani, ukubwa fulani, karatasi fulani. Ukigusa kimoja, vipimo vyote vinaharibika. Hata bila kugusa kitu, ukifungua faili kwenye mashine isiyo na fonti ile, itawekwa nyingine yenye herufi nene au nyembamba kidogo, mstari mmoja utazaa miwili, na kazi itaishia hapo.

Nimeamua kuhamia kwenye jedwali. Katika jedwali, mlalo mmoja una seli ya Kiswahili na seli ya Kiingereza, na urefu wa mlalo unafuata seli iliyo ndefu zaidi. Aya ya Kiingereza ikitoka mistari mitano kuwa saba, mlalo mzima unashuka na Kiswahili kinashuka nao. Hakuna wa kumsubiri mwenzake kwa Enter.

Februari, katikati

Kuchora jedwali ni dakika moja. Kazi ni kuyaingiza maandishi mawili, kila aya kwenye seli yake. Ukinakili Azimio zima na kulibandika kwenye seli moja ya Word, linajazana lote humo. Njia niliyoipenda ni kupitia Excel. Ninabofya seli moja mara moja tu, bila kuingia ndani yake, nabandika, na kila aya inashuka kwenye mlalo wake. Kiswahili nimeweka safu B, Kiingereza safu C, na safu A nimeiacha kwa namba za vifungu.

Kuna mtego kwenye safu A. Vifungu kama cha 16 vina ibara ndogo (1), (2), (3). Ukiandika `(1)` peke yake, Excel inadhani unataja deni na kuweka `-1`. Ukiandika `16/1` inaweza kukupa tarehe ya Januari. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima na uibadilishe kuwa `Text`.

Sasa kazi yenyewe, nami naieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo pande zinapoachana upya. Kifungu cha 2 kwa Kiingereza kina aya mbili: ya kwanza inakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha, dini na kadhalika, ya pili inahusu hadhi ya kisiasa ya nchi anayotoka mtu. Katika nakala yangu ya Kiswahili aya hizo mbili zimeunganishwa kuwa moja. Kwa hiyo Kiswahili kina mlalo mmoja na Kiingereza miwili, na kuanzia hapo kila kitu kimesogea hatua moja: Kifungu cha 3 cha Kiswahili kimetazamana na aya ya pili ya Kifungu cha 2 cha Kiingereza. Jedwali halikuzuia hilo, wala halingeweza. Linakihifadhi kilichokaa sambamba kisitawanyike, lakini halijui nini kinapaswa kutazamana na nini.

Kulinganisha idadi ya milalo pande zote mbili hakutoshi. Upande mmoja unaweza kuunganisha aya mbili mwanzoni na kukata aya nyingine mbili mbele. Jumla zinalingana huku katikati kote kumepinda. Nikatumia urefu wa maandishi. Kwenye safu D:

```
=LEN(C2)/LEN(B2)
```

`LEN` inahesabu herufi pamoja na nafasi. Chukua Kifungu cha 1 katika nakala yangu: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Hizo ni herufi 120. Kiingereza chake ni 170. Uwiano ni 1.42. Milalo mingi iliyokaa sawa inazunguka hapohapo, mingine juu kidogo, mingine chini kidogo, lakini hairuki ovyo.

Pale kwenye Kifungu cha 2, uwiano unasema wenyewe. Kiswahili kilichounganishwa ni kirefu na kimetazamana na nusu tu ya Kiingereza, kwa hiyo namba inashuka. Mlalo unaofuata, Kifungu cha 3 cha Kiswahili, ambacho ni sentensi moja fupi, kimetazamana na aya ya Kiingereza yenye herufi zaidi ya 250, na namba inapita 3. Namba ya chini sana ikifuatwa na ya juu sana, hapo pana aya iliyounganishwa au kukatwa. Sihitaji kusoma waraka mzima, naenda pale pale.

Dawa yake ni kuikata ile aya ya Kiswahili mahali ambapo hoja ya pili inaanza. Ninabofya kulia kwenye seli inayofuata ya safu B, `Insert`, kisha `Shift cells down`, ili safu B peke yake ishuke, halafu nahamishia nusu ya pili humo. Ukichagua `Entire row` utashusha pande zote mbili pamoja na hutakuwa umerekebisha kitu. Fomula za safu D zinazifuata seli zilizoshuka, kwa hiyo nikishusha nainakili upya fomula ya D2 hadi chini; hapo namba zote kuanzia mlalo ule zinarudi mahali pake kwa mpigo, na hiyo inanipa raha ambayo siwezi kumweleza mtu asiyefanya kazi hizi.

Kipimo hiki kina upofu wake. Vifungu viwili vyenye urefu unaokaribiana vikibadilishana nafasi, uwiano hautashtuka. Ndiyo maana namba za safu A nilizisoma kwa macho, moja moja, na mwenzangu akiwa ameshika nakala ya karatasi.

Machi

Limehamia Word. Unanakili safu A hadi C (D inabaki Excel) na kubandika. Linakuja kama jedwali tayari. Hapo ndipo watu wengi wangefungua `Numbering` na kuweka namba za kujiendesha kwenye seli za Kiswahili na za Kiingereza. Msifanye hivyo. Word inahesabu kwa kufuata mlalo kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo Kiswahili kinapata 1, Kiingereza 2, Kiswahili cha mlalo unaofuata 3. Namba ikae kwenye safu yake nyembamba, moja kwa lugha zote mbili. Azimio halibadilishwi, kwa hiyo nimeziandika kwa mkono. Kama ungekuwa na rasimu ya katiba ya kikundi ambayo vifungu bado vinaongezwa, namba za kujiendesha zingefaa, lakini ndani ya safu hiyo nyembamba tu.

Upana. Karatasi ni A4, sentimita 21. Nimeacha ukingo wa 2 kila upande, zimebaki 17. Namba zimechukua 1.2. Zilizobaki 15.8 wengine wangegawa nusu kwa nusu, lakini kwa kuwa Kiingereza hapa ni kirefu kuliko Kiswahili, ningeishia na weupe mwingi chini ya Kiswahili. Nimewapa Kiswahili 7 na Kiingereza 8.8. Kisha `Table Properties > Options`, na kuondoa alama kwenye `Automatically resize to fit contents`. Bila hivyo, neno moja refu au anwani ya tovuti inaweza kusukuma safu nzima na kubana jirani yake.

Urefu wa mlalo uachwe huru, au uwekwe `At least`. Kuna `Exactly` pale, na ni hatari: maandishi yanayozidi kipimo hayashuki chini, yanafichwa tu, na karatasi inatoka ikiwa safi kana kwamba hakuna kilichopotea. Ukikuta sentensi isiyo na nukta ya mwisho kwenye jedwali la mtu, angalia hapo kwanza.

Mistari ya jedwali nimeiondoa kwa `No Border`, nikabakiza `View Gridlines` ili niione mimi kwenye skrini; haichapishwi. Mlalo wa juu wenye majina ya lugha nimeuwekea `Repeat Header Rows`. Na `Allow row to break across pages` nimeiondolea alama, ili kifungu kisikatike katikati ya kurasa mbili. Nimeacha pengo moja: aya inayotangaza Azimio mwishoni mwa utangulizi ni sentensi moja ndefu mno, na kuizuia isikatike kuliacha robo ya ukurasa tupu. Hiyo nimeiruhusu ikatike.

Machi, mwishoni

Wanafunzi wanaomba vipande vifupi zaidi. Kifungu cha 1 kina sentensi mbili pande zote na zinaishia mahali pamoja, kwa hiyo kimegawanyika vizuri kuwa milalo miwili. Lakini si kila kifungu kitakubali. Pale ambapo Kiswahili kinasema kwa sentensi moja kile ambacho Kiingereza kimekigawa mara mbili, ukilazimisha kukata unabaki na nusu ya maana upande mmoja. Kanuni niliyoifuata: nakata pale tu ambapo pande zote mbili zimepumua kwa pamoja, na kwingine kifungu kinabaki kizima.

Kwa wanaosoma kwenye simu tunatuma PDF. Faili la Word kwenye simu hupangwa upya kufuata skrini, na jedwali la safu tatu hubanwa mpaka herufi zinasimama moja moja.

Nimefika Kifungu cha 20. Cha 23, kile cha kazi na ujira, kina ibara ndogo nne na kitachukua jioni nzima. Steshenari wameniomba niwapelekee PDF badala ya faili la Word, na safari hii nimekubaliana nao.