Dhambi ya visanduku sita

Ninafundisha darasa la nne katika shule ya msingi mjini Moshi, na pamoja na masomo yangu mengine nimepewa kipindi cha dini cha wanafunzi Wakristo, dakika 40 kwa wiki, ambazo kama kumi kati yake huliwa na kuhamahama vyumba. Kilichoniingiza kwenye kutunga mafumbo ya maneno ni aibu wala si kipaji. Siku moja niliwapa imla ya maneno ya dini, nikitegemea kupumzika kidogo wakati wa kusahihisha, kwa sababu yalikuwa maneno wanayoyaimba na kuyatamka kila Jumapili. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika "zambi". Wengine waliniletea "zabuli", "ubatiso" na "hekaru", na mmoja aliandika neno hilohilo kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, nadhani kwa matumaini kwamba moja litapata vema.

Katika ofisi ya walimu nilipewa ushauri mwepesi: wape jedwali la herufi watafute maneno yaliyofichwa, watoto wanapenda, watajifunza wenyewe. Nikamfuata kijana wa steshenari, ambaye ana programu ya kompyuta inayopanga jedwali hilo kwa dakika moja. Nikatoa kopi, shilingi mia kila moja au pungufu kidogo kwa kuwa zilikuwa nyingi, nikaingia darasani najiona mbunifu.

Walimaliza kabla sijakaa. Waliomaliza kwanza walikuwa wanafunzi wawili ambao najua kwamba kusoma kwao bado ni kwa kusuasua, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka mapema. Orodha ya maneno ilikuwa chini ya jedwali, kwa hiyo mtoto hakuhitaji kusoma wala kukumbuka chochote. Alitazama umbo la neno, akatafuta umbo linalofanana, akazungushia. Tena ile programu ilikuwa imejaza nafasi zilizobaki kwa herufi za Q na X, ambazo Kiswahili hakina, kwa hiyo maneno yetu yalijitokeza kama nazi kwenye sahani ya wali. Nilimuuliza mmoja maana ya "neema", akanijibu kwa heshima zote, "Sijui maana yake, Mwalimu, lakini nimelipata."

Balaa lenyewe lilikuja mwishoni. Maneno ya Kiswahili yanakwenda konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo ukimwaga herufi ovyo katika jedwali, maneno ambayo hukuyapanga huzaliwa yenyewe. Binti mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono kwa furaha akasema, "Mwalimu, nimepata jingine ambalo halimo kwenye orodha." Nikamwambia alisome. Alilisoma kwa sauti safi kabisa. Sitaliandika hapa, itoshe kusema kwamba darasa zima lililiona kwa mkupuo, na kwamba kopi zote nilizikusanya siku ileile nikazichoma mwenyewe nyuma ya jiko la shule.

Tangu hapo napanga kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba, kwa penseli. Mambo mawili nilibadilisha mara moja. Kwanza, maneno hulala kutoka kushoto kwenda kulia au husimama kutoka juu kwenda chini, basi. Hakuna mshazari wala neno la kurudi nyuma, kwa sababu mtoto anayejifunza tahajia hana haja ya kulitazama neno "sala" likisomeka "alas". Pili, orodha ya maneno niliiondoa, mahali pake nikaweka maana. Badala ya "sadaka" anakuta "tunachomtolea Mungu kanisani", na ni lazima alifikirie neno, aliandike pembeni, ndipo alitafute. Asiyejua tahajia yake hatalipata, kwani atakuwa anatafuta "zambi" katika jedwali ambalo halina "zambi". Nilijaribu pia kuficha tahajia potofu kama mitego. Msifanye hivyo. Waliopata ile potofu waliizungushia kwa ushindi, na wiki iliyofuata niliikuta imezidi kuzoeleka.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni wa herufi zinazobaki. Jedwali la 8 kwa 8 lina herufi 64. Nilichagua maneno saba: zaburi, dhambi, ubatizo, sadaka, hekalu, imani na sala. Ukihesabu herufi zake unapata 40, ikiwa hakuna maneno yanayochangia herufi. Zinabaki 24. Sasa hesabuni herufi za "Bwana ndiye mchungaji wangu", maneno yanayofungua Zaburi ya 23: ni 24 kamili. Basi nilipanga kwanza yale maneno saba, kisha nikajaza nafasi tupu kwa mstari huo, herufi moja moja, kuanzia juu kushoto. Hakuna tena herufi za ovyo, kwa hiyo na hatari ya neno la aibu hupungua sana, ingawa bado nasoma kila mstari na kila safu kabla ya kutoa kopi, kwa sababu niliyeumwa na nyoka ni mimi. Mtoto akimaliza anayaandika mabaki kwa mfuatano. Yakisomeka, amekosoa kazi yake mwenyewe. Yakisomeka "Bwana ndiye mchungasalaji", anajua bila kuniita kwamba kuna neno la herufi nne alilolikosa.

Hata hivyo jedwali la aina hiyo lina kikomo chake: neno limekwisha kuandikwa, kazi ya mtoto ni kulitambua. Kuandika mwenyewe kunahitaji fumbo la mlalo na wima, na huko ndiko nilikofeli kwa namna ya kisomi zaidi. Nilijiambia kwamba "dh" ni sauti moja, kwa hiyo ikae katika kisanduku kimoja. Hoja nzuri ya fonolojia, fumbo bovu. Dhambi ikawa na visanduku vitano, na "zambi" nayo ina herufi tano, kwa hiyo walioandika z walijaza vizuri kabisa wakanitazama wakingoja vema. Sasa kila herufi ina kisanduku chake. Dhambi ina sita, na anayeandika "zambi" anabakiwa na kisanduku kitupu kinachomtazama usoni.

Kuhesabu visanduku kunatosha pale kosa linapobadilisha idadi ya herufi. "Ubatiso" na "ubatizo" zote zina saba, "zabuli" na "zaburi" zote sita. Hapo kinachookoa ni mahali maneno yanapokutana. Mtu akipanga bila kufikiri, maneno ya Kiswahili yatakutana kwenye irabu, hasa a na i, kwa kuwa zimejaa kila mahali. Na irabu hakuna anayeikosea. Makutano ya namna hiyo hayasahihishi kitu. Mimi nalazimisha maneno yakutane kwenye konsonanti yenye ugomvi.

Fumbo langu la kwanza lililofaa linaingia katika eneo la visanduku 9 kwa upana na 8 kwa kimo, na mnaweza kulichora sasa hivi. Ubatizo inalala mstari wa juu kabisa kuanzia kisanduku cha kwanza. Zaburi inashuka kutoka kwenye z yake, kwa hiyo aliyeandika "ubatiso" anajikuta na "saburi", na hakuna mtoto wangu anayekiita kitabu hicho hivyo. Mstari wa tatu, dhambi inalala na kuikata zaburi kwenye b. Hayo ndiyo makutano pekee ya bure. Kutoka kwenye h ya dhambi inashuka hekalu. Mstari wa tano, roho inaanzia kwenye r ya zaburi, na mstari wa saba, sala inaikata hekalu kwenye l. "Zabuli" inazaa "loho", na "hekaru" inazaa "sara". Wanacheka, na wakicheka wameliona kosa. Maneno sita yanatosha kwa kipindi kimoja. Nilipoweka kumi na mawili, kengele ililia wakiwa nusu.

Bado kulikuwa na maana. Kwa hekalu niliandika "nyumba ya kumwabudia Mungu", nikaona nimemaliza. Nilikuwa sijahesabu kwamba kanisa nalo lina herufi sita. Kijana mmoja wa nyuma, mwenye imani thabiti katika jibu lake la kwanza, alijaza "kanisa", akakuta k inagongana na h ya dhambi. Alichofanya ni kuchukua raba, kufuta h, na kuiandika upya dhambi iwe "dkambi". Nilisimama nyuma yake nikimtazama akiikoleza ile k kwa penseli. Nilipomuuliza dkambi ni nini, alifikiri kidogo akasema, "Ni dhambi, Mwalimu, ila ya kwenye fumbo." Sikumlaumu, kosa lilikuwa la mtungaji. Siku hizi maana ya hekalu ni "nyumba ambayo Sulemani alimjengea Mungu Yerusalemu", na kabla ya kutoa kopi najiuliza kila mara ni neno gani jingine lenye herufi hizo hizo linaweza kujibu. Nabii na mtume zote ni tano. Ukiuliza "mwanafunzi wa Yesu" na kuacha visanduku sita, Yohana, Andrea, Filipo na Yakobo wote wanaingia, na mtoto atakayekuandikia Yakobo amejibu sawa kuliko wewe ulivyouliza.

Neno moja nilishindwa nalo: Kwaresima. Mimi niliacha visanduku tisa, watoto kadhaa wakaandika "Kwaresma" wakabakiwa na kimoja, wakaniambia ndivyo ilivyo kwenye tangazo la kanisani kwao. Maandishi yote mawili yapo, kwa hiyo niliwapa vema na kulitoa neno hilo kwenye fumbo la mwaka uliofuata.

Ustadhi anayefundisha kipindi cha Waislamu aliliona fumbo limebandikwa ukutani kwenye manila, akaomba nimwonyeshe. Nilimwambia habari ya kukutanisha maneno kwenye herufi korofi, akasema watoto wake wanaandika "magaribi" na "azuhuri". Tulikaa naye mapumziko ya saa nne, chai ikapoa. Magharibi tuliilaza, adhuhuri tukaisimamisha, zikakutana kwenye h ya gh na h ya dh, zote mbili kwa kisanduku kimoja. Tulikwama kwenye swala, kwa sababu maana aliyoandika kwanza ilikuwa "huonekana mara tano kwa siku", na mimi, nikiwa mtu wa karibu na mbuga, nikamuuliza kama anamkusudia mnyama.