Kumbukumbu ya mradi wangu: mizani tatu zilizokwanguliwa kwa wembe

Hatimaye ubeti umesimama. Hadithi yangu fupi ya Neema, msichana wa Uyole anayegundua kwamba baba yake, dereva wa lori la viazi, alikuwa akiandika beti za nyimbo kwa siri, ilikuwa imekwama kwa sababu ya mshororo mmoja tu.

Daftari ambamo baba aliziandika halikunipa taabu. Ni la kaunta, kurasa za mbele zimejaa hesabu za mafuta na matairi, na ukiligeuza juu chini na kuanzia nyuma unakutana na beti. Ndiyo maana mkewe aliliona kila siku bila kulitilia shaka. Taabu ilikuwa katika neno moja ambalo baba alilikwangua kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilitaka Neema alitafute neno hilo kwa mizani na kina, bila kuambiwa na mtu. Huu ndio ubeti ulivyo sasa:

Nimepakia gizani, nashuka huku nahema,
Kitonga pale konani, na injini yanguruma,
Walio kwetu nyumbani, nawaacha mbali nyuma,
Nimebeba kifuani, safari yote ………

Kila mshororo una nusu mbili, ukwapi kisha utao, na kila nusu ina mizani, yaani silabi, nane. Utao wa mwisho una mizani tano tu, kwa hiyo pengo linadai neno la mizani tatu linaloishia na "ma". Hoja hiyo ina nguvu iwapo tu mishororo mingine haina kasoro, kwa sababu baba akionekana mzembe mahali pamoja, msomaji makini atasema kwamba hata pengo huenda lilikuwa na mizani mbili au nne. Nami kwa majuma kadhaa nilikuwa na ukwapi wa tatu uliosema "Watoto mlio nyumbani". Niliusoma haraka, nikausikia nane, nikaridhika. Ni tisa! Ile "m" ya "mlio" inasimama peke yake, ilhali "m" ya "nyumbani" imeungana na "b", na sikio langu lilizipima zote mbili kwa kipimo kimoja. Nililigundua kosa nilipoacha kuandika kwa simu, nikachukua penseli na kuweka nukta chini ya kila silabi. Simu inafaa kwa nathari, lakini kwa shairi siiamini tena, maana inakuonyesha maneno na kukuficha silabi.

Nukta hizo ndizo zilizoniokoa katika tatizo la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi. Beti hizi ni za kuimbwa, na mwimbaji anaweza kuvuta silabi moja ikajaza nafasi ya mbili, kwa hiyo hesabu ya Neema isingethibitisha chochote. Nikaamua kumpa baba penseli yangu. Sasa yeye ndiye anayeweka nukta nane chini ya kila kipande, na siku alipokwangua neno la wino, nukta za penseli chini yake hakuzigusa. Neema anazikuta tatu, zimejipanga chini ya uwazi.

Katika rasimu ya kwanza neno lilikuwa jina lake mwenyewe, akalia, hadithi ikaisha. Nilipoirudia nikaona aibu, kwani ilikuwa tamu kupita kiasi. Ne-e-ma ni mizani tatu, sawa, lakini la-wa-ma nazo ni tatu, na kina ni kilekile. "Safari yote Neema" ni baba anayemkumbuka mwanawe katika mteremko wa Kitonga; "safari yote lawama" ni mtu anayeikimbia nyumba yake. Nilijaribu kumfanya Neema auimbe ubeti ili lahani imwamulie, nayo ikakataa, kwa sababu mkazo wa maneno yote mawili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti inapanda na kushuka palepale.

Basi nimeachana na mpango wa beti kumi, na pia na ile sura ya kwenda kumhoji utingo wa zamani, ambaye angejua kila kitu na kuniharibia pengo. Ubeti ni huu mmoja, na kazi yote inafanyika jikoni, Neema akigonga meza kwa vidole: mara tano, kituo, mara tatu. Jana usiku niliandika mazungumzo yanayofuata, na sidhani kwamba nitayagusa tena:

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Magunia ya jana, mama."

"Yametimia?"

"Yametimia, mama. Ila sijui la mwisho ni la nani."